Kuipa kampeni ya chanjo ya HPV jina na sura ambayo kila jamii itaiamini

Mwaka 2014, katika mji wa El Carmen de Bolívar nchini Kolombia, wasichana wa shule walianza kuzimia na kulalamika ganzi baada ya kupata chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Video zao zilienea nchi nzima. Uchunguzi haukukuta uhusiano wowote na chanjo. Ilionekana ni hofu iliyoambukizana kutoka msichana mmoja hadi mwingine, jambo linalojulikana mashuleni dunia nzima. Lakini nchi iliyokuwa ikichanja zaidi ya asilimia 80 ya wasichana waliolengwa ilishuka hadi asilimia 14 kwa dozi ya kwanza ilipofika mwaka 2016. Kwa kujulikana, chanjo ile ilijulikana kuliko wakati wowote. Haikuwa na mtu wa kuisimamia pale wazazi walipouliza, "Nyie mnaotuletea hiki kitu, ni akina nani?"

Mwongozo huu ni wa kujenga utambulisho wa kampeni ya namna hiyo: jina, alama, sauti, na hasa sahihi ya anayesema. Nimechagua chanjo ya HPV kwa sababu ina kila mtego. Inapewa wasichana peke yao, kabla hawajaolewa, kwa sindano, dhidi ya ugonjwa wa via vya uzazi ambao huchukua miaka mingi kujitokeza. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue wilaya ya mfano kwenye pwani ya kaskazini mwa Tanzania. Ina vijiji vya wavuvi ambako karibu kila mtoto anasoma madrasa. Ina mashamba ya mkonge yenye vibarua kutoka mikoa mbalimbali. Na bara yake ina maboma ya Wamasai, ambako wasichana wengine hawako shuleni na akina mama wengine Kiswahili chao ni cha sokoni tu. Wilaya hii ni ya kubuni, lakini atakayesoma akiwa Tanga au Kilifi ataitambua.

Hatua ya 1: Kusanya maswali kabla ya kuchagua rangi

Kosa la kawaida ni kuanza kwa mchoraji. Ofisi inaitisha kikao, mtu anapendekeza waridi "kwa kuwa ni wasichana", nembo inatoka wiki hiyo hiyo, halafu ndipo watu wanatumwa vijijini "kuhamasisha". Anza upande wa pili. Keti na mama, baba, bibi na mwalimu katika kila jamii, watu wanane hadi kumi kwa kila kundi, uwaulize wamesikia nini kuhusu chanjo za wasichana na wangependa kujua nini kabla ya kukubali. Andika maneno yao kama walivyoyasema. Usiyasafishe.

Katika wilaya yetu ya mfano tuseme yamepatikana haya. Pwani wanauliza: kwa nini wasichana tu, na kwa nini kabla ya ndoa? Mkongeni wanauliza: ikimdhuru, nani atagharamia, maana mwenye shamba hatamtibu? Maboma wanauliza: anayekuja kumchoma mtoto ni nani, na mbona hajapita kwa wazee?

Tazama vizuri. Ni swali moja tu kati ya hayo linalojibika kwa maelezo ya kitabibu. Mengine mawili yanahusu nani anabeba dhamana. Ukifahamu hilo mapema, hutachapisha mabango elfu tatu yenye picha ya kirusi.

Kenya ilipitia jambo la kufanana mwaka 2014. Kampeni ya chanjo ya pepopunda iliwalenga wanawake wa miaka 14 hadi 49, kwa awamu zilizorudiwa. Sababu ilikuwa nzuri: kumkinga mama na kitoto kichanga wakati wa kujifungua, na kinga hiyo hujengwa kwa dozi kadhaa. Lakini swali la "mbona wanawake tu, tena mara nyingi?" lilibaki hewani, na Novemba mwaka huo maaskofu wa Kanisa Katoliki wakadai hadharani kwamba chanjo ina kitu cha kuzuia mimba. Wizara na Shirika la Afya Duniani walikanusha. Jibu lilikuwepo siku zote, ila lilifika likiwa utetezi, na jibu la utetezi hata likiwa kweli husikika kama kisingizio. Kwa hiyo swali lile la "kwa nini wasichana tu" liandikwe ndani ya kampeni tangu siku ya kwanza, kwa jibu la moja kwa moja: saratani hii inaota kwenye mlango wa kizazi, ambao ni wa mwanamke, chanjo hukinga vizuri zaidi ikitangulia kirusi, ndiyo maana inatolewa utotoni.

Hatua ya 2: Amua nani anatia sahihi

Kila ujumbe wa afya una mtu anayeutia sahihi, hata kama hakuandikwa. Bango lenye nembo saba za wafadhili chini yake limetiwa sahihi na wageni. Msomaji wa kijijini hasomi majina yale. Anaona msururu wa alama asizozijua na anahitimisha kuwa kuna watu wa mbali wanaolipia jambo hili, naye hajui wanapata nini.

Ushauri wangu hapa ni mkali kidogo, na si kila mfadhili ataupenda: upande wa mbele wa kitu chochote atakachokiona mzazi, weka sahihi moja tu. Tanzania Bara, hiyo ni Wizara ya Afya na halmashauri ya wilaya. Nembo ya Taifa inalindwa na sheria, kwa hiyo ombeni kibali na mfuate maelekezo ya matumizi. Wafadhili wawekwe nyuma ya kipeperushi, kwenye ripoti na kwenye hafla ya uzinduzi. Liandikeni jambo hili kwenye mkataba kabla ya fedha kuingia, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayesikiliza. Faida yake nyingine huonekana mradi unapofungwa. Utambulisho uliojengwa juu ya jina la mradi hufa na mradi, na mama aliyezoea alama ile anabaki akidhani huduma nayo imeondoka.

Chini ya sahihi hiyo kuu kuna wadhamini wa kijamii, na hawa hutofautiana. Pwani ni imamu, mwalimu wa madrasa, na yule mama mtu mzima anayewafunda wasichana, ambaye mara nyingi husahaulika ingawa ndiye binti anayemwamini kwa mambo ya mwili wake. Mkongeni ni muuguzi wa zahanati ya shamba na viongozi wa vibarua. Kwenye maboma ni laigwanani, yaani kiongozi wa mila wa Wamasai, na pamoja naye akina mama wazee, maana laigwanani akikubali na akina mama wakanuna, mtoto atakuwa "ameenda kuchunga" siku ya chanjo.

Wafikie hawa kabla hujachapa kitu. Nenda na rasimu isiyokamilika, yenye mapengo ya kweli ya kujazwa. Mtu akiletewa kitu kilichomalizika anajua ameitwa kupiga makofi.

Ila usiwaweke kwenye nembo wala kwenye bango kuu. Imamu akigombana na kamati ya msikiti, au mzee akiingia siasa, kampeni nzima itabeba mzigo wake. Sauti zao zitumike kwenye redio na mikutano, kwa zamu, ili yeyote akiondoka mengine yaendelee.

Hatua ya 3: Jina, na mahali majina yanapoanguka

Jina zuri la kampeni linatamkika na bibi, halimwaibishi binti, na halijabeba maana nyingine mtaani. Sharti la tatu ndilo linaloua majina mengi. Tupitie mapendekezo ambayo kikao chochote kingeyatoa.

"Linda Kizazi" linavutia kwa daktari. Mzazi mwenye wasiwasi anasikia neno kizazi na sindano katika sentensi moja, na hofu ya utasa umempa wewe mwenyewe. "Binti Salama" ni tamu, lakini Salama ni kondomu iliyotangazwa Tanzania kwa miaka mingi, na baba wa pwani atauliza binti yake wa miaka kumi anahusikaje. "Kinga ya Binti" lina tatizo hilo hilo, kwa kuwa "tumia kinga" mtaani ina maana moja. "Sindano Moja" lingefaa kwa kutaja dozi moja, mpaka ukumbuke kuwa wanawake husema "natumia sindano" wakimaanisha uzazi wa mpango. Na "Chanjo ya HPV" peke yake ni herufi tatu zisizomwambia mtu lolote. Wengine watazichanganya na HIV kwa namna zinavyosikika.

Katika mfano wetu tuseme limebaki "Akue Mzima". Ni maneno ambayo mzazi angeyasema mwenyewe akimwombea mtoto, hayataji kiungo, na yanakaa vizuri mdomoni mwa imamu, muuguzi na bibi. Udhaifu wake ni kwamba hayasemi ni nini kinachotolewa, kwa hiyo lazima yafuatwe na mstari wa pili usiobadilika: "Chanjo moja dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Wasichana wa miaka 9 hadi 14. Bure." Hapo ugonjwa unatajwa kwa jina lake kamili, wazi, bila kuficha, lakini hautangulii.

Kwenye maboma jina libaki la Kiswahili, ili alama iwe ile ile wilaya nzima, lakini maelezo yote yawe kwa Kimaa. Mpe mtu wa kwanza atafsiri, kisha mwingine ambaye hajaona maandishi ya awali akurudishie kwa Kiswahili alichokielewa. Zile sehemu mbili au tatu zitakazorudi zimepinda ndizo zilizokuwa zikiwachanganya akina mama.

Wizara ina utaratibu wa kupitia vifaa vya elimu ya afya kabla havijatumika. Anza mapema, na jina lipitishwe pamoja na maelezo yake, lisipelekwe peke yake.

Hatua ya 4: Alama na sauti

Alama ya kampeni ya wilaya haitaishi kwenye kompyuta ya mchoraji. Itafotokopiwa nyeusi na nyeupe kwenye ofisi ya kata, itachorwa ukutani na fundi wa mabango kwa rangi alizobakiza, itaonekana ndogo kama ukucha kwenye hali ya WhatsApp. Kwa hiyo ijaribu hivyo hivyo: ipunguze hadi sentimita mbili, ifotokopi mara tatu mfululizo, umpe fundi wa mtaani aichore kwa kukumbuka baada ya kuitazama dakika moja. Akikosea sehemu moja, hiyo sehemu haihitajiki.

Rangi zichaguliwe kwa kuondoa. Ondoa kijani na njano zikiwa pamoja, maana ni za CCM, kisha mchanganyiko wowote unaofanana na bendera ya chama kingine. Mwaka wa uchaguzi kosa hili haliponi. Zinazobaki, chukua mbili, basi.

Picha ya msichana halisi ningeiepuka kabisa kwenye alama na mabango ya kudumu. Kwanza anavaa nini? Mwenye hijabu atawaambia wa maboma kuwa hili ni la watu wa pwani, na mwenye shanga atasema kinyume chake. Pili, msichana yule atabaki ukutani miaka mitatu, na watoto wenzake watamwita "yule wa saratani". Mchoro wa mkono wa mtu mzima na mkono wa mtoto, usioonyesha vazi wala umri hasa, unatosha. Picha halisi zitumike kwenye vipeperushi vya jamii husika tu, kwa ridhaa ya mzazi iliyoandikwa, yenye tarehe ya mwisho wa matumizi.

Redio haina rangi. Kampeni nyingi hulisahau hili na kumwachia kila mtangazaji aseme atakavyo. Rekodi sekunde nne tu, sauti ya mama mmoja ikisema "Akue mzima" na kundi likiitikia, na kila tangazo, kipindi na gari la matangazo lianze na sekunde hizo hizo. Kwa mama ambaye hasomi, hiyo ndiyo nembo.

Weka pia njia ya kuuliza, ionekane kila mahali alama ilipo. Tanzania ipo namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo ni bure. Kabla ya kuichapa, hakikisheni wapokeaji wake wana majibu ya kampeni yenu. Namba inayopigwa ikajibiwa "hilo sijaambiwa" inaharibu kuliko kukosa namba.

Hatua ya 5: Yasiyobadilika na yanayobadilika

Andika ukurasa mmoja, si kitabu, wenye sehemu mbili. Juu ni yasiyobadilika: jina, mstari wa pili, alama, rangi mbili, sahihi ya Wizara na halmashauri, 199, zile sekunde nne za sauti, na majibu ya maswali yaliyokusanywa katika hatua ya kwanza. Chini ni yanayobadilika: lugha, picha, msemaji, mfano unaotolewa, mahali pa kukutania.

Mstari kati ya sehemu hizo mbili ndio kazi yenyewe. Kampeni iliyofunga kila kitu inaonekana ya kigeni kila mahali. Iliyolegeza kila kitu, kila kata inatoa yake, na mzazi aliyeona bango la pwani akifika mnadani haoni kuwa ni jambo lile lile, wala hajui lipi la kweli na lipi la mtu aliyejichapia. Siku uvumi ukitoka na karatasi ya kughushi, kitakachomsaidia ni kuwa amezoea kuona ile ya kweli ikiwa na sura moja.

Majibu hayabadiliki, lakini msemaji hubadilika. "Kwa nini kabla ya ndoa?" linajibiwa kwa maneno yale yale na imamu pwani na mama mzee bomani: chanjo hukinga kabla kirusi hakijaingia, kama ilivyo chanjo ya surua. Usikubali mahali pamoja jibu likawa hilo na pengine likawa "ni amri ya serikali". Watu wa pwani na wa maboma hukutana mnadani kila wiki na hulinganisha.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kuchapa

Chukua watu kumi katika kila jamii, wazazi wasiokuwa kwenye kamati yoyote. Mwonyeshe mmoja mmoja, si kwa kundi, maana kwenye kundi mwenye sauti kubwa atawajibia. Onyesha bango kwa sekunde saba, lifiche, kisha uliza: umeona nini? Nani ameleta ujumbe huu? Anataka ufanye nini? Halafu mrudishie alitazame kwa nafasi.

Swali muhimu linakuja mwisho, na lisimhusu yeye. Ukimwuliza "wewe umelipenda?" atakwambia ni zuri, kwa heshima ya mgeni. Uliza, "Majirani zako wakiliona hili, watasema nini wewe usipokuwepo?" Hapo ndipo utasikia kwamba mkono ule unafanana na wa kampuni ya mikopo, au kwamba rangi ile ni ya timu fulani.

Kanuni ninayoitumia ni hii. Katika kila jamii, angalau saba kati ya kumi wataje aliyeleta ujumbe bila kusaidiwa. Na watu wawili wa jamii moja, wasiozungumza pamoja, wakisoma maana mbaya ile ile, kitu hicho kibadilishwe hata kama wengine wanane wamekipenda. Maana mbaya husafiri kwa kasi kuliko nzuri.

Hatua ya 7: Mchanjaji ndiye bango la mwisho

Mzazi anaamua pale anapomwona anayekuja. Mashariki ya Kongo, mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 ulionyesha hili kwa uchungu. Utafiti uliofanywa Beni na Butembo Septemba mwaka huo, kwa watu wazima 961, ulikuta zaidi kidogo ya robo yao hawaamini kuwa Ebola ipo, na chini ya theluthi wanaziamini mamlaka za eneo lao kuwa zinatetea maslahi yao. Watu wale waliishi miaka mingi na mauaji ambayo hakuna aliyeyazuia, kisha ghafla wakaona misafara ya magari, fedha na walinzi wenye silaha kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Nembo za mashirika kwenye milango ya magari zilitambulika vizuri sana. Zilitambulika kama za biashara.

Kwa wilaya yetu maana yake ni kwamba mchanjaji aende na mtu anayejulikana pale, avae kizibao chenye alama ya kampeni, na kitambulisho chake kiwe na jina linalosomeka. Gari la mgambo lisiongozane naye. Wote wafundishwe majibu ya ule ukurasa mmoja mpaka wayaseme kwa maneno yao, na wapewe ruhusa ya kusema "sijui, nitauliza na kukujibu kesho".

Jibu la swali la mkongeni, la nani atagharamia, haliwezi kuandikwa na mtu wa mabango. Halmashauri lazima iamue kwa kweli: mtoto akipata shida baada ya chanjo, anapelekwa wapi, kwa usafiri wa nani, na bila malipo kiasi gani. Likishaamuliwa liandikwe nyuma ya kadi ya chanjo pamoja na jina la kituo. Kadi hiyo, kwa njia, ndiyo karatasi pekee ya kampeni itakayotunzwa nyumbani kwa miaka, kwa hiyo iwe nzuri na ngumu. Fedha zilizotengwa kwa fulana zihamishieni huko.

Na dozi ziwepo. Mama aliyetembea saa mbili na binti yake, akakuta mlango umefungwa chini ya bango la "Akue Mzima", hatalisoma tena bango hilo. Tangazeni tarehe pale tu dozi zinapokuwa tayari kwenye jokofu la kituo.

Hatua ya 8: Siku msichana anapozimia

Atazimia mmoja, mahali fulani. Kuzimia baada ya sindano ni kawaida kwa umri huu, ndiyo maana binti anachomwa akiwa ameketi na kusubiri dakika 15 akiwa ameketi vile vile. Wachomwe faraghani, si mbele ya mstari wa wenzao wanaosubiri, maana hofu ndiyo inayoambukiza. Hatua hizo mbili ni za kitabibu, lakini zinalinda jina la kampeni kuliko tangazo lolote.

Andaa tamko kabla ya siku ya kwanza, lenye nafasi wazi za kujaza. Mganga Mkuu wa Wilaya alitoe siku hiyo hiyo, kwanza kwa wazazi wa shule ile uso kwa uso, kisha redioni. Aseme kilichotokea, hali ya mtoto sasa, kile ambacho bado hakijajulikana, nani anachunguza, na lini atarudi na majibu. Kisha arudi siku hiyo, hata kama majibu hayajakamilika. Asirudie uvumi kwa kuukanusha kichwani mwa habari. "Chanjo haisababishi utasa" kwa masikio ya haraka ni "chanjo… utasa".

Kuna watu watakaoshauri alama ya kampeni ifichwe mpaka upepo upite. Mimi naona iwepo juu ya tamko hilo, kubwa. Alama iliyoonekana wakati wa ngoma na kutoweka wakati wa shida imekwisha kazi.

Na imani iliyopotea inaweza kurudi. Ireland kiwango cha wasichana waliochanjwa kilikuwa asilimia 87 mwaka wa masomo 2014/15, kikashuka hadi 51 mwaka 2016/17 kutokana na madai yaliyosambazwa kuhusu madhara. Mamlaka ya afya haikubishana na kila mdai. Iliunganisha mashirika ya madaktari, ya saratani na ya watoto yaseme jambo moja, na msichana mmoja, Laura Brennan, aliyekuwa na saratani hiyo isiyotibika, akajitolea mwenyewe kuwa sauti ya kampeni tangu 2017. Alifariki Machi 2019 akiwa na miaka 26. Kiwango kilianza kupanda tena akiwa hai. Angalia kuwa alijitolea. Kumtafuta mgonjwa na kumlipa ni jambo lingine, na watu hulinusa.

Hatua ya 9: Soma matokeo kwa kila jamii

Baada ya miezi miwili rudi ukaulize wazazi 30 katika kila jamii mambo mawili: wakionyeshwa alama bila maneno, wanajua ni ya nini, na je, wangempeleka binti wao, au wameshampeleka? Idadi hiyo haitoshi kwa ripoti ya kitaalamu, lakini inatosha kuona mwelekeo.

Tuseme majibu ya wilaya yetu ni haya. Pwani, 25 wanaijua alama na 21 wangepeleka. Maboma, 9 wanaijua na 8 kati yao wangepeleka. Mkongeni, 26 wanaijua na 11 tu wangepeleka. Ukijumlisha unapata watu 60 kati ya 90 wanaoijua na 40 walio tayari, ukaandika kuwa kampeni inaendelea vizuri kiasi, na hukujifunza kitu.

Tenganisha. Maboma wanaoijua karibu wote wanaiamini, ila haijawafikia. Ongeza siku za mnada, redio kwa Kimaa na akina mama wazee, usiguse ujumbe. Mkongeni ni kinyume. Wameiona vya kutosha, na kila bango jipya ni kelele. Rudi kwenye swali lao: mtoto akidhurika, nani atamtibu? Huenda utagundua kuwa ahadi imechapwa nyuma ya kadi, lakini muuguzi wa zahanati ya shamba hajawahi kuipata kwa barua, na akiulizwa anasema hajui. Hapo kazi ni barua ya Mganga Mkuu kwa zahanati, kikao kimoja na viongozi wa vibarua, na namba ya simu ya mtu atakayepokea. Mchoraji hahitajiki.

Mwisho wa awamu, kabidhi ofisi ya wilaya faili asili za alama, zile sekunde nne za sauti, ule ukurasa mmoja, na barua ya ruhusa ya kutumia picha zenye tarehe zake. Kama jina litatumika zaidi ya wilaya moja, lisajiliwe BRELA, wakala wa serikali wa kusajili alama za biashara, kwa jina la Wizara, si la mkandarasi wala la mradi, kabla mkataba haujaisha.